Nimebadilisha raba ya mlango wa kioo wa shawa, maji bado yanamwagika nje. Sumaku ndizo zimechoka?

#1 Matone

Wakuu, habari za leo. Nina shawa yenye mlango wa kioo unaofungukia nje. Upande mmoja umeshikwa na bawaba mbili za chuma zilizobana kioo, upande wa mpini unajifunga kwa sumaku: ukanda mmoja uko kwenye mlango, mwenzake uko kwenye kioo cha pembeni ambacho hakisogei. Chini ya mlango kuna raba ya plastiki angavu yenye ulimi laini unaogusa kizingiti.

Kwa miezi kadhaa maji yamekuwa yakitoka na kutengeneza dimbwi nje, kila mara kwenye kona ya chini upande wa mpini. Raba ya zamani ilikuwa imegeuka njano na kukakamaa kama ukucha, na ulimi wake umechanika kwa urefu wa kiganja kwenye kona hiyohiyo. Juzi nikanunua mpya, nikaikata kwa urefu wa ile ya zamani, nikaisukuma hadi ikakaa. Leo asubuhi mtu kaoga dakika kumi tu, dimbwi liko palepale, na naona ni kubwa kuliko la mwanzo.

Sumaku nazo nazishuku. Juu zinakamatana vizuri, ila kuanzia kiunoni kwenda chini zinaachana, na kule chini kabisa napitisha ncha ya kidole. Nataka ninunue jozi yenye nguvu zaidi. Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Sakafu ya nje ya bafu ni ya mbao na imeshaanza kuvimba kwenye maungio, kwa hiyo sina muda wa kubahatisha.

#2 SilikoniKwanza

Mkuu, usijisumbue na sumaku. Chukua silikoni ya bafuni, piga mstari kwa ndani pale kioo cha pembeni kinapokutana na trei, kona zote mbili, na kwenye fremu ya ukutani kutoka juu hadi chini. Acha ikauke siku nzima. Maji ni mjanja, yanapita kwenye fremu halafu yanatokea mlangoni, wewe unalaumu mlango. Mimi nilifanya hivyo na sakafu yangu ni kavu mpaka leo.

#3 FundiVioo

Matone, usinunue sumaku bado. Sumaku za milango hii hazichoki upesi namna hiyo. Kinachochoka ni plastiki iliyozifunika, na kinachozishinda ni umbali. Ukanda ukiwa milimita 1 kutoka kwa mwenzake unavuta, ukiwa milimita 5 hauna habari naye kabisa. Ungekuwa umechoka, ungeachia juu mpaka chini. Wako unashika juu na kuachia chini, kwa hiyo mimi natazama namna mlango ulivyokaa.

Naomba vipimo, mlango ukiwa umefungwa. Kwanza, mwanya ulio kati ya ukingo wa chini wa kioo na kizingiti, upime kioo chenyewe na si raba, sehemu tatu: upande wa bawaba, katikati, upande wa mpini. Pili, mwanya kati ya sumaku na sumaku: juu, katikati, chini. Tatu, unene wa kioo. Nne, tazama raba yako mpya: mbali na ule ulimi laini wa chini, ina kingo ngumu ndogo iliyochomoza pembeni kwa mshazari. Hiyo kingo umeielekeza ndani au nje?

SilikoniKwanza, ushauri wako unaweza kuwa sawa kwa kioo cha pembeni kisicho na fremu. Kwa kioo chenye fremu ya alumini mimi napiga silikoni upande wa nje tu. Maji yataingia kwenye fremu upende usipende, na upande wa ndani ndiyo njia yao ya kurudi kwenye trei. Ukiuziba huo, yanajaa mle kwenye fremu na kutafuta njia ya kutokea nje. Lakini dimbwi la Matone liko chini ya mlango, na mlango haupigwi silikoni.

#4 mama_pacha

Habari zenu. Na mimi nina shida kama hiyo, maji yanatoka katikati pale vioo viwili vinapopishana. Wangu ni wa kusukuma, unatembea kwenye reli. Nikinunua raba ya chini kama ya kaka Matone itanisaidia?

#5 FundiVioo

Hapana dada, hiyo ni shida nyingine. Mlango wa kusukuma unavuja kwenye kupishana kwa sababu ya raba ya wima, ile nyembamba inayosimama kati ya kioo kinachotembea na kisichotembea. Simama nje, funga mlango, tazama kwa usawa wa macho kutoka juu mpaka chini. Kama ulimi wa hiyo raba unagusa juu na hauugusi chini, angalia kwanza magurudumu ya juu. Mara nyingi gurudumu moja limeshuka, na lina skrubu ya kulipandisha. Kama haugusi popote, raba imekwisha. Fungua uzi wako uweke picha, tutakuja huko.

#6 Matone

Fundi, asante. Nimepima kwa rula ya chuma.

Kioo ni milimita 8, na pakiti ya raba imeandikwa inafaa milimita 8. Mwanya wa chini: upande wa bawaba 11, katikati 10, upande wa mpini 9. Sumaku: juu zimegusana, katikati kama 2 na nusu, chini 5.

Na ile kingo ngumu imeangalia nje. Nilidhani kazi yake ni kuzuia maji yasiruke kwenda nje.

#7 FundiVioo

Basi majibu yote mawili yamo humo.

Tuanze na kingo, kwa sababu ndiyo iliyoongeza dimbwi tangu juzi. Ukioga, maji mengi hayaruki chini ya mlango. Yanapiga kioo na kuteremka kwenye uso wake wa ndani kama pazia. Yakifika chini yanakutana na raba. Kingo ikiwa imeelekea ndani, yanapanda juu yake, yanateleza kwa ule mshazari na kudondokea kwenye trei, sentimita moja au zaidi kabla ya kufika kwenye ulimi. Ulimi unabaki na kazi ya kuzuia matone yanayoruka tu. Umeigeuza nje, sasa pazia lote la maji linashuka moja kwa moja mpaka kwenye ulimi, na ulimi ule ni wa kuzuia matone, haukutengenezwa kubeba mkondo. Ivue, geuza ncha zake, ile iliyokuwa kwa mpini ipeleke kwa bawaba, irudishe. Kama uliikata sawa pande zote hutahitaji nyingine.

Sasa mlango. Mwanya wa chini unapungua kutoka 11 hadi 9, maana yake upande wa mpini umeshuka milimita 2. Unaonekana ni mchezo mdogo, lakini chukulia mlango una upana wa sentimita 70 na urefu wa 190. Kioo hakipindi. Kikiinama kwa milimita 2 ndani ya sentimita 70, ndani ya sentimita 190 kinainama kwa zaidi ya milimita 5. Kwa hiyo kona ya juu ya mpini inasogea kuifuata sumaku mwenzake, na kona ya chini inajivuta kuelekea kwenye bawaba. Ndicho kipimo chako hichohicho: juu 0, chini 5. Na kule chini ndiko maji yalikojaa zaidi, kwa hiyo yanapita kati ya sumaku na kutua pale unapoliona dimbwi. Raba ya zamani ilichanika kona hiyo kwa sababu ndiko ilikokuwa inakwaruza kizingiti kila mlango unapofunguliwa.

Ukinunua sumaku kali, juu zitakamatana kwa nguvu zaidi na chini zitabaki zimeachana.

#8 SilikoniKwanza

Nakubali la kingo, sikulijua. Ila kuhusu kuinua mlango naona tunatafuta makubwa. Kuna raba zenye ulimi mrefu zaidi. Anunue yenye ulimi wa milimita 15, itafunika mwanya wote, kazi imeisha bila kugusa bawaba.

#9 FundiVioo

Itafunika mwanya wa chini, kweli. Mlango ungekuwa umekaa sawa na mwanya wake ni mkubwa kote, ningemwambia afanye hivyohivyo. Lakini mwanya wa sumaku utabaki wazi. Tena ulimi wa 15 kwenye mwanya wa 9 unajikunja sana: mlango unakuwa mzito, ulimi unajiviringa kuelekea nje, na maji yanaufuata. Ulimi unatakiwa uguse kizingiti na kupinda kidogo tu. Mimi napenda uzidi mwanya kwa milimita 2 hivi.

Matone, fanya hivi, na usifanye peke yako. Funga mlango. Ziba tundu la maji la trei skrubu zisiingie, tandika taulo nene. Chini ya kioo upande wa mpini ingiza vipande vya kadibodi ngumu au kabari za mbao mpaka vibebe uzito wa mlango, na mwenzako aushike kwa mikono miwili. Toa vifuniko vya bawaba kama vipo, utakuta skrubu za ufunguo wa alen. Legeza za bawaba ya juu kidogo, nusu mzunguko unatosha kuanzia, kisha za bawaba ya chini. Usizitoe. Sasa ongeza kadibodi taratibu upande wa mpini mpaka mwanya wa chini ulingane mwanzo hadi mwisho. Sumaku zitajipanga zenyewe wima. Kama bado ziko mbali kwa kiasi kilekile juu na chini, sukuma kioo kizima kuelekea upande wa sumaku kwa milimita moja au mbili, bawaba nyingi zina nafasi hiyo. Kaza skrubu kwa kupokezana, kidogo hapa kidogo pale, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari.

Kama skrubu za kwenye kioo zimekaza lakini bawaba yenyewe inacheza ukutani, acha. Hapo kilicholegea ni ukuta na kazi inabadilika.

#10 Kombo2

Naongeza moja na ninaomba lisipuuzwe. Kati ya chuma cha bawaba na kioo kuna kipande chembamba cha plastiki au raba. Msikitoe, na kama kimechakaa badilisheni kabla ya kukaza. Mlango wangu uliwahi kurekebishwa na fundi aliyeacha upande mmoja bila hicho kipande. Ulikaa wiki kama tatu, halafu usiku mmoja hakuna mtu bafuni tukasikia kishindo. Kioo kizima kilikuwa sakafuni kimesagika punjepunje. Kioo cha shawa kimekomazwa kwa joto, uso wake unavumilia mengi, ila ukingo na kona zake haziwezi kubanwa na chuma kitupu wala kugongwa na bisibisi. Hakikatwi wala hakichongwi tena kikishatoka kiwandani, kwa hiyo asije mtu akakushauri kukisaga chini ili kisikwaruze. Vaeni viatu na miwani mnapokaza.

#11 Matone

Kombo2, pole sana, na asante. Tumevaa vyote viwili.

Tumefanya jana jioni mimi na mdogo wangu. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zimelegea hata kabla sijazigusa, ufunguo ulizunguka kwa vidole viwili. Vile vipande vya plastiki vilikuwa vizima. Tumeinua kwa kadibodi ya boksi, tabaka moja baada ya jingine. Sasa mwanya wa chini ni 10, 10 na 10. Raba nimeigeuza, kingo iko ndani. Mlango unafunga kwa sauti moja fupi, zamani ulikuwa unasikika juu kwanza halafu kimya.

Dimbwi limepungua sana ila halijaisha. Nikimulika tochi naona plastiki ya sumaku upande wa mlango imepasuka kule chini kwa sentimita 20 hivi, na ukanda mweusi wa ndani umechungulia nje na una kutu ya rangi ya kahawia. Nikaona hapo sasa ni halali kubadilisha. Nimenunua ukanda mmoja, wa upande wa mlango tu kwa kuwa wa pili ni mzima. Nimeusogeza karibu na ule wa zamani, zinasukumana! Nimepata kibovu?

#12 FundiVioo

Si kibovu, na ni vizuri umejaribu kabla ya kukata. Ule wa zamani una nguzo zake na huu mpya una zake, hakuna aliyeahidi kwamba zitapatana. Ndiyo maana zinauzwa kwa jozi na mimi sinunui upande mmoja. Lakini kabla hujarudisha, jaribu hivi: geuza ukanda mzima, ncha ya juu iwe chini, kama umbo lake linaruhusu. Ikishindikana, tazama ncha ya ukanda, utaona mkanda mweusi wa sumaku umelala ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mara nyingi unavutika ukatoka wote kwa koleo, ukiwa haujabandikwa. Utoe, ugeuze uso au ugeuze ncha, uuingize tena na ujaribu kila hali. Ikikataa zote, nunua jozi.

Jambo jingine la kuangalia dukani ni pembe. Kioo chako cha pembeni na mlango viko kwenye mstari mmoja ukifunga, hizo ni sumaku zinazotazamana uso kwa uso. Kuna za kona ya mraba ambazo uso wake umekatwa kwa mshazari, na kuna za shawa zenye kona iliyopunguzwa. Zikichanganywa zinagusana kwa ncha tu na maji yanapita. Pima pia ukanda wa zamani umechomoza kiasi gani kutoka kwenye ukingo wa kioo. Mpya ukichomoza milimita 3 zaidi, mlango hautafunga.

Kuufunga: vua ule wa zamani kuanzia chini, na kama uligandishwa kwa silikoni kata kwanza kwa wembe uliolazwa kwenye kioo. Safisha ukingo wa kioo kwa siki nyeupe mpaka utando wa chokaa utoke, ila siki isiguse marumaru. Kausha kabisa. Plastiki mpya ikiwa ngumu ilaze kwenye maji ya moto dakika chache, italainika. Anza juu, sukuma kwa kiganja ukishuka nayo. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi, tone la sabuni ya vyombo linatosha. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, pamoja na ukanda mweusi ndani yake.

Halafu kona, pale dimbwi lilipozaliwa. Ukanda wa sumaku utangulie kufungwa, ushuke mpaka mwisho wa kioo. Raba ya chini ifuate na iguse ukanda huo bila nafasi. Ikibidi ikutane nao, kata sehemu ngumu ya raba kwa urefu unaolingana na upana wa ukanda, lakini uache ulimi laini uendelee mpaka chini ya sumaku. Watu wengi hukata vyote kwa pamoja, wanaacha tundu la ukubwa wa kidole gumba na kulaumu raba.

#13 mama_pacha

Fundi, nimepandisha gurudumu kama ulivyosema na limekubali, asante sana. Swali dogo: raba zangu zina madoa meusi ndani, nikizimwagia dawa ya klorini ni sawa?

#14 Kombo2

Zitang'aa leo na zitakakamaa mapema, dada. Madoa yaliyo ndani ya plastiki hayatoki. Mimi nafuta kwa sabuni ya kawaida na kitambaa, nakausha, kisha naacha mlango wazi usiku hewa ipite.

#15 FundiVioo

Nakubaliana nawe kuhusu klorini. Kuacha mlango wazi sikubali moja kwa moja. Mlango wa bawaba ukiwa wazi kutwa nzima unaning'inia bila kusaidiwa na chochote, na nimeona iliyoshuka hivyo. Nawaambia wateja wangu wauache umeegama tu, upana wa vidole viwili.

#16 Kombo2

Bawaba iliyokazwa vizuri inabeba uzito uleule mlango ukiwa wazi au umefungwa, sumaku haibebi kitu. Unyevu ndio unaoua raba. Hapa tutofautiane tu, fundi.

#17 Matone

Mrejesho. Kugeuza mkanda wa ndani kumekubali! Niliuvuta kwa koleo, nikageuza uso, ukashika papo hapo. Nimeufunga leo, kona nimeikata kama ulivyoeleza, ulimi umepita chini ya sumaku.

Nimepima hivi: nimepanga karatasi za chooni kavu nje ya kizingiti, moja kila kiganja, nikamimina maji kwa kikombe ndani ya kioo, sehemu moja moja, nikianzia upande wa mpini. Karatasi za upande wa mpini na katikati zimebaki kavu kabisa. Nilipomimina karibu na bawaba ya chini, karatasi ya mwisho imelowa matone matatu. Nimeelekeza kichwa cha shawa ukutani badala ya mlangoni, yakabaki mawili. Hapo kwenye chuma cha bawaba raba ya wima imekatika, hakuna kitu kinachoziba.

#18 FundiVioo

Safi sana, na kumimina sehemu moja moja ndiko kunakoonyesha ukweli, shawa nzima inalowesha vyote. Penye chuma cha bawaba raba lazima ikatike, na matone mawili pale ni kawaida ya milango ya namna hii. Angalia tu kama vipande vya raba vya juu na chini ya bawaba vinafika mpaka kwenye chuma au vimeachana nacho. Vikiwa vimepungua zaidi ya milimita 2, kata vipya.

#19 Matone

Cha chini kimepungua kama milimita 6. Naenda kukikata kingine sasa hivi.